Ofa Ijumaa, usaili Jumatatu: kisa cha mwombaji aliyejitoa

Nafasi ilikuwa ya mhasibu mwandamizi, na mimi ndiye niliyesimamia ajira ile kwa upande wa mwajiri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kisa hiki niliiona nikiwa upande wa pili wa meza. Yaliyotokea upande wa mwombaji alinisimulia mwenyewe baadaye, akanionyesha hata rasimu za barua alizoziandika na kuziacha, na akaniruhusu niyaandike mradi nisimtaje yeye wala waajiri wote wawili.

Kwanza nieleze tulikuwa tumefika wapi. Wiki ya saba ilikuwa inakatika tangu tangazo litoke. Mwombaji huyu alikuwa ameshapita mchujo wa maombi, mtihani wa maandishi na usaili wa kwanza, na alikuwa mmoja wa watatu tuliowaita kwenye usaili wa mwisho, Jumatatu saa 4 asubuhi. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mmoja wao angesafiri Jumapili kutoka tawi jingine. Nyuma ya hao waombaji watatu alikuwepo wa nne, ambaye hatukuwa tumemwita wala kumkatalia. Jumatano ya wiki hiyohiyo huyo wa nne aliniandikia kuuliza kama bado anafikiriwa, kwa sababu kuna mahali pengine wanataka jawabu lake kufikia Jumatatu jioni. Nilimjibu kwamba nitamwambia nikijua. Sikuwa na la zaidi.

Alhamisi mchana mwombaji wetu alipigiwa simu na mwajiri mwingine. Walimwambia amefaulu, wakamtajia mshahara na tarehe ya kuanza, wakaahidi barua kesho yake. Akakubali papo hapo kwa mdomo. Swali la kwanza likazaliwa hapo: atuambie sisi leo, au asubiri barua?

Alisubiri, na naona alifanya sawa, ingawa najua wenzangu kadhaa wa fani hii watabisha. Ofa ya mdomo bado ni maneno. Anayeitoa anaweza kuwa mkuu wa idara ambaye hajapata kibali cha mwisho, au mshahara uliotajwa kwenye simu ukaja kwenye karatasi ukiwa umepungua. Nimewahi kumwona mtu akijitoa kwetu kwa sababu ya simu kama hiyo, na baada ya wiki mbili akauliza kwa aibu kama nafasi bado ipo. Haikuwepo.

Angeweza pia kutuambia Alhamisi kwamba ana ofa mkononi na anasubiri barua. Hilo ni jambo jema kwa mtu ambaye bado anatutaka sisi, kwani linatupa nafasi ya kuharakisha. Yeye moyo wake ulishaamua. Kutangaza ofa ukiwa umeshaamua kwenda huonekana kama kupandisha dau, na mwajiri akianza kukimbia huku na huko kutafuta kibali cha kukuongezea mshahara, kisha ukamwambia kwamba hata hivyo unaondoka, umemchosha bure.

Barua ilifika Ijumaa saa 10 alasiri. Mshahara ulikuwa uleule, cheo kilekile. Lakini aya ya mwisho ilisema ajira itategemea uhakiki wa vyeti na taarifa za wadhamini. Akasita. Hapa ndipo waombaji wengi hukwama: je, ofa yenye masharti ni ofa ya kumfanya mtu afunge mlango mwingine?

Inategemea sharti liko mikononi mwa nani. Uhakiki wa vyeti ni jambo ambalo mwenye vyeti anajua jibu lake kabla ya anayehakiki. Vyeti vyake vilikuwa halali, na wadhamini wake wawili walishamwambia kwamba wamepigiwa simu wiki hiyo na wamemsema vizuri. Sharti la namna hiyo lilikuwa utaratibu tu. Ingekuwa hadithi nyingine kama barua ingesema nafasi inategemea kampuni kupata zabuni fulani, au bodi kupitisha bajeti, au kibali cha kufanya kazi ambacho mwombaji hana uwezo nacho. Kwa masharti kama hayo ningemshauri asijitoe bado. Ningemshauri amwombe mwajiri ambaye bado hajamfanyia usaili amsogezee tarehe kwa siku chache, na akiulizwa sababu, aseme kweli kwamba kuna mchakato mwingine anaosubiri ukamilike. Ombi la kusogeza tarehe halijawahi kunifanya nimwone mtu kuwa mbaya.

Alitia saini, akairudisha barua, akahakikisha wameipokea. Ilikuwa saa 11 jioni.

Kulikuwa na kishawishi kimoja ambacho alikiri kwangu bila kuzunguka. Rafiki yake alimwambia aje tu kwenye usaili Jumatatu, apate uzoefu, aone tutatoa kiasi gani, kisha aamue. Ushauri huu unatolewa sana na unasikika kama busara. Tuutazame kutoka upande wetu. Mtu mmoja anasafiri siku ya mapumziko kuja kumsikiliza mtu ambaye ameshatia saini kwingine. Jopo linatumia saa nzima kumpa alama. Kama ni hodari, na huyu alikuwa hodari, anashika namba moja, tunaandika mapendekezo, tunaomba kibali cha mshahara, tunampigia simu Alhamisi, naye ndipo anasema hapana. Wakati huo wa nne ameshakwenda zake tangu Jumatatu jioni, na wa pili anaanza kazi akijua, kwa sababu mambo haya huvuja, kwamba alichukuliwa baada ya mwingine kukataa. Tena tarehe ya saini yake huko kwingine haijifichi. Wahasibu wa sekta moja wanakutana kwenye mafunzo na kwenye ukaguzi, na siku moja mtu atataja tu kwamba yule alisaini Ijumaa.

Kwa hiyo kilichokuwa hatarini jioni ile kilikuwa saa zenyewe. Adabu ya maneno ni nzuri, ila barua yenye lugha tamu inayofika Jumatatu saa 3 asubuhi ni mbaya kuliko sentensi mbili kavu zinazofika Ijumaa usiku. Nikiwa na Ijumaa usiku naweza kumwita wa nne na kumwahi anayesafiri.

Saa 11 na dakika 20 alinipigia simu. Nilikuwa njiani, sikupokea. Hakurudia mara tano, wala hakumpigia mkuu wa idara kunizunguka. Alituma ujumbe mfupi: "Habari za jioni. Nina taarifa kuhusu usaili wa Jumatatu ambayo ni vizuri uipate leo. Naituma pia kwa barua pepe sasa hivi." Ujumbe huu ulifanya kazi yake kwa sababu ulitaja Jumatatu na ulitaja leo. Kama angeandika "naomba tuzungumze ukipata nafasi", ningeuacha hadi Jumatatu asubuhi. Jumbe za aina hiyo huwa ninapata nyingi.

Kisha akakaa kuandika barua, na hapo kidogo aharibu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno zaidi ya mia nne. Ilianza kwa shukrani ndefu, ikaeleza safari yake ya kazi, ikaeleza jinsi uamuzi ulivyomnyima usingizi, ikaja kutamka kwamba anajitoa kwenye aya ya nne. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Kwa kweli nilitamani sana kufanya kazi nanyi, ila mshahara walionipa ni mkubwa na nina majukumu ya kifamilia." Nyingine ilisema: "Naomba mnisamehe sana, na naomba msinifikirie vibaya."

Sentensi ya kwanza ina mtego ambao hakuuona. Ukimwambia mwajiri kwamba kilichokuondoa ni mshahara, umemwalika aulize ni kiasi gani, na mwajiri mwenye nafasi ya kuongeza ataongeza. Sasa utamkatalia mara ya pili, na safari hii huna sababu, kwa kuwa sababu uliyoitoa ameshaiondoa. Sentensi ya pili inageuza mzigo. Anayesoma analazimika kumbembeleza mtu ambaye amemharibia ratiba. Kuomba radhi mara moja, kwa jambo mahususi lililomsumbua mwenzako, ni adabu. Ukiomba radhi kwa kupata kazi, umeomba radhi kwa kosa ambalo halipo.

Rasimu ya pili ilikuwa fupi lakini ilikuwa na ugonjwa mwingine, ambao nadhani ni wa lugha yetu zaidi. Iliandika: "Naomba kujitoa kwenye mchakato kwa sasa." Katika Kiswahili cha heshima "naomba" inaingia kila mahali, hata pale ambapo hakuna kinachoombwa, na kwa kawaida hakuna anayechanganyikiwa. Kwenye barua ya kujitoa inaweza kuchanganya. Nimewahi kushuhudia mkuu wa idara akisoma "naomba kujitoa" na kusema, "Basi ongea naye, ameomba tu." Akaona ni mlango ulioachwa wazi. "Kwa sasa" nayo inazidisha utata: je, mwezi ujao atakuwa tayari? Tumwekee nafasi? Mwandishi alimaanisha kulainisha, msomaji akaona dalili ya mtu anayesubiri kushawishiwa.

Barua niliyoipokea saa 1 na dakika 10 usiku ilikuwa hii. Nimebadilisha tu vinavyoweza kumtambulisha:

> Yah: Kuondoa maombi ya kazi – Mhasibu Mwandamizi, kumbukumbu namba [namba ya tangazo]
>
> Ndugu Afisa Ajira,
>
> Leo nimekubali na kusaini ofa ya ajira kwa mwajiri mwingine. Kwa sababu hiyo ninaondoa maombi yangu ya nafasi iliyotajwa hapo juu, na sitahudhuria usaili wa Jumatatu saa 4 asubuhi.
>
> Samahani kwa kuwapa taarifa hii zikiwa zimebaki siku chache. Barua ya ofa nimeipata alasiri ya leo, nikaona niwaarifu kabla ya mwisho wa juma ili muweze kupanga nafasi yangu mapema.
>
> Nawashukuru kwa muda mlionipa, na hasa kwa maoni mliyonipa baada ya mtihani wa maandishi kuhusu namna ya kueleza tofauti za hesabu kwa mtu asiye mhasibu. Nimeanza kuyatumia.
>
> Naomba mnifikishie salamu kwa wajumbe wa jopo. Kesho ninapatikana kwa simu mkihitaji ufafanuzi wowote.

Imezidi maneno mia moja kidogo. Kichwa chake kinatosha kuniambia kila kitu kabla sijaifungua, na kina namba ya kumbukumbu, kwa hiyo sikuhitaji kupekua nafasi nne nilizokuwa nazo mezani. Uamuzi upo mwanzoni na umeandikwa kama jambo lililokwisha: nimekubali, nimesaini. "Ninaondoa" imechukua nafasi ya "naomba kuondoa". Halafu ametaja usaili wenyewe kwa siku na saa, jambo linaloonekana dogo. Wapo wanaoandika kwamba wamejitoa, halafu msaidizi aliyepanga ratiba, ambaye hakusoma barua, anawapigia Jumatatu kuwauliza wamefika wapi.

Hakutaja jina la mwajiri mwingine wala mshahara. Hapakuwa na uongo wowote katika kunyamaza huko. Mwajiri aliyeachwa hana haja ya kujua ameachwa kwa ajili ya nani, na mwajiri mpya huenda asipende jina lake lizunguke kwenye ofisi za washindani kabla mtu hajaripoti kazini.

Shukrani yake ilikuwa na kitu ndani. Barua zote za kujitoa husema asante kwa fursa, na macho yangu hupita juu ya maneno hayo kama yanavyopita juu ya tarehe. Hii ilitaja maoni niliyoyaandika mimi mwenyewe, usiku, nikidhani hakuna atakayeyasoma. Nikiri kwamba hiyo ndiyo sentensi iliyonifanya nimkumbuke. Anayetaka kuiga asiige maneno, atafute kitu kimoja kilichotokea kweli kati yake na watu wale. Kama hakuna, bora aandike "nawashukuru kwa muda wenu" na kuishia hapo.

Jumamosi asubuhi nilimpigia. Nilikuwa na maswali mawili, na sitajifanya kwamba yote yalikuwa kwa faida yake. La kwanza lilikuwa kama kuna tulichoweza kufanya ili abadilishe mawazo. Alijibu: "Hapana, nashukuru sana. Nimeshasaini na nimewapa neno langu. Ingekuwa bado sijasaini ningewaambia mapema." Nikamsukuma kidogo, nikasema mshahara wetu una nafasi ya kusogea. Akasema, "Nashukuru kwa kusema hivyo. Hata hivyo uamuzi wangu umekwisha." Hakuuliza ungesogea hadi wapi. Angeuliza, mazungumzo yangekuwa mengine, na yale aliyosema kuhusu neno lake yangepoteza uzito hapo hapo. Nilikata simu nikiwa na imani kwamba huyu akiwahi kusaini na sisi, hatakuja kutuacha kwa simu ya Jumamosi.

Swali la pili lilikuwa: tulikosea wapi? Hapa alifanya jambo ambalo hakuliweka kwenye barua, na alifanya vizuri kutoliweka. Alisema wenzetu walimaliza kila kitu ndani ya wiki tatu, na sisi tulikuwa tunaingia ya nane. Kati ya mtihani na usaili wa kwanza zilipita siku kumi na tisa bila neno, akadhani ameachwa, ndipo akaomba kwingine. Alilisema kama taarifa, kwa sauti ileile aliyotumia kusema mengine. Lingekuwa kwenye barua, lingebaki kwenye faili kama malalamiko, likasomwa na watu wasiosikia sauti yake. Kwenye simu, tena baada ya kuulizwa, lilikuwa msaada. Nililipeleka kwa mkuu wangu bila kumtaja.

Baada ya hapo nilimpigia wa nne. Alipokea kabla simu haijaita mara mbili.

Kwenye mfumo wetu wa maombi kuna kitufe kimeandikwa `Withdraw Application`. Mwombaji wetu hakukibonyeza, kwa kuwa alidhani barua inatosha. Jumapili usiku mfumo ukamtumia ukumbusho kwamba ana usaili kesho, akashtuka, akaniandikia tena kuuliza kama nimepata barua. Nilikuwa nimeipata, ila sikuwa nimebadilisha hali yake kwenye mfumo, kosa langu. Kuna wanaofanya kinyume, wanabonyeza kitufe na kuona wamemaliza. Kwetu kitufe kile hubadilisha neno moja kwenye safu ya jedwali, na hakimpelekei mtu yeyote taarifa. Ningekigundua siku ambayo ningefungua jedwali. Mpangilio salama ni kumwambia mtu kwanza, kisha kitufe, na kukibonyeza ukiwa na hakika, maana mifumo mingi hairuhusu kurudi nyuma.

Mpaka hapa unaweza kudhani alifanya kila kitu sawasawa. Kulikuwa na mtu mmoja alimsahau, na ndiye aliyekuwa na haki kubwa kuliko mimi.

Idara yetu ya fedha alikuwepo mama mmoja ambaye miaka ya nyuma aliwahi kuwa msimamizi wake. Ndiye aliyemtumia tangazo, ndiye aliyemwambia mkuu wa idara kwamba kuna binti mmoja anamjua kazi yake. Kwa kuwa hakuwa kwenye jopo, mwombaji alidhani atamwambia wiki ijayo, kwa utulivu, pengine ana kwa ana. Jumatatu asubuhi mkuu wa idara alimpita kwenye korido akamwambia kwa utani, "Mtu wako ametukimbia." Yule mama hakuwa na habari. Akacheka ili asionekane hajui.

Aliyekupendekeza ametoa kitu ambacho afisa ajira hajakitoa: ameweka jina lake juu ya jina lako. Ukijitoa, mimi napoteza saa chache za kupanga upya. Yeye anabaki akiulizwa, siku baada ya siku, na watu anaokaa nao ofisi moja. Anaweza kuubeba uamuzi wako vizuri kabisa, tena akautetea, lakini sharti awe ameusikia kwako kwanza. Simu ya dakika tatu Ijumaa saa 11 na nusu, kabla hata ya kuanza kuandika barua, ingetosha. Na haikuwa lazima iwe kabla yangu. Ilitosha iwe ndani ya saa ileile.

Alimpigia Jumatatu jioni, baada ya kusikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba mama yule amekasirika. Alinisimulia mazungumzo hayo karibu neno kwa neno.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nimesikia habari zako koridoni."

Hakuanza kueleza kuhusu ofa. Alisema, "Dada, nimekosea. Nilimwambia afisa ajira Ijumaa, nikakuacha wewe uliyenifungulia mlango. Ulipaswa kusikia kwangu kabla ya mtu yeyote pale."

Kimya kidogo. "Mimi sina tatizo na wewe kupata kazi. Ungenitumia hata ujumbe mmoja. Nimesimama pale kama mjinga."

"Ni kweli."

Hakuongeza "lakini". Alikuwa na sababu nyingi za kuongeza, na zote zilikuwa za kweli: ilikuwa usiku, alikuwa na barua ya kuandika, alitaka kumweleza vizuri. Radhi hii ni tofauti na ile ya rasimu ya kwanza. Ile iliombwa kwa watu ambao hawakukosewa. Hii ilikuwa na kosa la kweli na mtu aliyeumia, kwa hiyo ilistahili kutamkwa yote, bila kupunguzwa. Kisha akauliza kama angependa amwandikie mkuu wa idara mstari mmoja kueleza kwamba yeye hakuwa amejua. Mama akakataa. "Hilo litanifanya nionekane nimekushtaki. Acha."

Ilichukua miezi kadhaa kabla hawajarudi kuzungumza kama zamani. Nalitaja hili kwa sababu ushauri mwingi kuhusu kujitoa humtazama mwajiri kama mtu mmoja, kana kwamba ukimaliza na ofisi ya ajira umemaliza. Uhusiano wake na mimi haukupata hata mkwaruzo. Uliochubuka ni ule ambao haukuwa kwenye orodha yake ya watu wa kuarifu.

Wadhamini wake wawili aliwaarifu Jumamosi kwamba hatutawapigia tena. Hapo hapakuwa na la ziada.

Wa nne alikuja Jumatatu, akashika nafasi ya pili. Kwa kuwa nilijua ana mahali panapomsubiri, nilimwambia matokeo saa 9 alasiri siku hiyohiyo, akapata muda wa kuwajibu kabla ya jioni. Alichukua kazi ile nyingine. Sisi tulimwajiri aliyeongoza.

Kwenye faili la mwombaji wetu niliandika mstari ambao sisi maafisa ajira huandika na ambao waombaji hawauoni: "Amejitoa Ijumaa kabla ya usaili wa mwisho. Amepiga simu, ametuma barua, sababu ajira kwingine. Atafutwe tena." Maneno mawili ya mwisho siyaandiki mara nyingi. Mwaka na miezi baadaye ilitokea nafasi ya msimamizi wa hesabu, nikamtafuta. Alisikiliza, akauliza maswali mawili ya maana kuhusu kazi, kisha akasema mahali alipo panamfaa na hangependa kuanza mchakato ambao hana nia ya kuumaliza. Akaniomba siku moja amuulize mwenzake fulani kama yuko tayari jina lake litolewe. Kesho yake akanitumia jina. Na safari hii, kabla hajanijibu mimi, alikuwa ameshampigia yule mama.